Tyubu Isiyotakiwa Kuonyesha Kitu

Mwaka 1979 maabara kadhaa za Ulaya na Marekani zilikutana na jambo lilelile. Zilikuwa zikichunguza kirusi kiitwacho SV40, kilichogunduliwa mwaka 1960 katika seli za figo za tumbili zilizokuwa zikitumika kutengenezea chanjo ya polio. Kirusi hiki kikiingia kwenye seli za panya au hamsta kinaweza kuzigeuza zikawa na tabia za saratani, na kazi hiyo kinaifanya hasa kwa protini yake moja kubwa iitwayo antijeni T. Watafiti walikuwa na kingamwili za kuikamata protini hiyo. Kila walipoitoa kwenye seli, ilitoka na mwenzake: protini nyingine iliyoonekana kwenye jeli kuwa na uzito wa kilodalton 53 hivi, ambayo haikuwa ya kirusi. Ilikuwa ya seli yenyewe.

Leo protini hiyo inaitwa p53, na hakuna mtafiti wa saratani asiyeijua. Mwaka ule haikuwa na jina, na swali lililowakabili watafiti lilikuwa fupi: kwa nini imetoka? Majibu yaliyowezekana yalikuwa mawili. Huenda ndani ya seli imeshikamana na antijeni T, hivyo moja ikivutwa nyingine inafuata. Au huenda haijashikamana na chochote, bali seramu iliyotumika ina kingamwili za aina mbili, moja ikikamata antijeni T na nyingine ikiikamata hiyo protini ya pili moja kwa moja. Kwenye jeli majibu yote mawili yanatoa picha ileile: mistari miwili, mmoja wa antijeni T na mmoja wa kilodalton 53. Hata uitazame picha hiyo mchana kutwa, haitakuambia lipi ni kweli.

Daniel Linzer na Arnold Levine, wakiwa Chuo Kikuu cha Princeton, walifanya jambo ambalo kila anayetumia njia hii anapaswa kulijua. Walichukua seramu za wanyama waliokuwa na uvimbe uliosababishwa na SV40, wakazijaribu kwenye seli za panya ambazo hazijawahi kuguswa na kirusi. Humo hakuna antijeni T. Kama protini ya pili ilikuwa ikitoka kwa sababu tu ya kuning'inia kwenye antijeni T, basi hapa isingetoka kabisa. Lakini kwenye seli za aina fulani ya saratani ya kiinitete, protini ya uzito huohuo ilitoka. Maana yake ni kwamba mnyama mwenye uvimbe alikuwa ametengeneza kingamwili dhidi ya protini hiyo pia. Kwa seramu kama hizo, mistari miwili kwenye jeli peke yake haithibitishi kwamba protini mbili zimeshikamana.

Jijini London, mwaka huohuo, David Lane na Lionel Crawford walilikabili swali kwa upande wa pili. Walikuwa na seramu ya sungura aliyechanjwa kwa antijeni T iliyosafishwa peke yake, si sungura mwenye uvimbe. Sungura huyo hakuwa na sababu ya kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya seli za panya. Hata hivyo seramu yake ilipotiwa kwenye seli zilizogeuzwa na SV40, antijeni T ilitoka pamoja na ile protini ya pili. Hapo maelezo ya kushikamana yalipata mguu wa kusimamia. Tokeo la London na lile la Princeton hayapingani: protini hizo kweli hushikamana, na kweli zipo seramu zinazozikamata zote mbili kila moja kivyake. Kilichoyatenganisha mambo haya mawili ni majaribio ambayo mtu aliyafanya akitarajia asione kitu.

Majaribio ya aina hiyo huitwa vidhibiti hasi. Ndiyo hasa yanayoamua kama njia hii ya kunasa protini kwa pamoja, ambayo kitaalamu huitwa koimunopresipitesheni, imetoa ushahidi au imetoa picha tu.

Namna inavyofanyika

Kanuni yake inaelezeka kwa sentensi chache. Unazipasua seli kwa upole ili protini zimwagike nje bila kuachana na wenzake. Unatia kingamwili inayoitambua protini moja, ile ambayo watu wa maabara huiita chambo. Kisha unatia shanga ndogo mno ambazo zimepakwa protini ya bakteria yenye tabia ya kushika mkia wa kingamwili. Shanga zinavuta kingamwili, kingamwili inavuta chambo, na kama chambo kimeshikwa na protini nyingine, nayo inakuja. Mwishoni unaosha, unachemsha, na unaangalia kama protini ya pili imo. Katika miaka ya 1970 hapakuwa na shanga za kununua, kwa hiyo watu walitumia bakteria wazimawazima wa stafilokoka waliouawa kwa formalini, maana ngozi ya bakteria hao imejaa protini hiyohiyo. Shanga za leo ni za agarosi au za sumaku, lakini mantiki haijabadilika.

Tuchukue mfano wenye historia yake. Mwaka 1992 kundi la Levine lilieleza kwamba p53 ikinaswa, hutoka na protini ya kilodalton 90, na protini hiyo ilipotambuliwa ikawa ni MDM2. Sasa tunajua kazi yake: MDM2 huishika p53 na kuibandika alama inayoipeleka kwenye mtambo wa seli wa kusagia protini. Kwa sababu hiyo, kwenye seli isiyo na msukosuko p53 haidumu. Nusu yake huwa imetoweka ndani ya dakika 20 hivi. Tuseme mwanafunzi wa uzamili anataka kuona kwa macho yake kwamba p53 na MDM2 hushikamana kwenye seli za saratani ya utumbo mpana ziitwazo HCT116. Afanye nini?

Tatizo lake la kwanza ni kwamba chambo ni kidogo, kwa kuwa mwenzake ndiye anayekiangamiza. Kwa hiyo saa nne hivi kabla ya kuvuna seli, anatia dawa ya kuzuia ule mtambo wa kusagia, kwa mfano MG132 ya mikromola 10. Protini zote mbili zinaanza kurundikana. Kisha anaziosha seli kwa maji baridi ya chumvi na kumwagia kila kisahani cha sentimita 10 nusu mililita ya mchanganyiko wa kupasulia, ulioshindiliwa kwenye barafu. Ndani yake mna chumvi ya kawaida ya milimola 150, bafa ya kushikilia pH karibu na 7.5, sabuni laini ya NP-40 kiasi cha nusu asilimia, na dawa za kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini.

Sabuni na chumvi ndizo zinazoamua utaona nini. Sabuni kali kama SDS hukunjua protini na kuzitenganisha na wenzake, hivyo mtu anayetumia mchanganyiko wenye sabuni hiyo anaweza kupoteza mshikamano wa kweli na kuondoka akidhani haupo. Chumvi ikipandishwa hadi milimola 500, miunganiko inayotegemea chaji za umeme huachia. Upande wa pili, ukifanya mambo kwa upole kupita kiasi, protini zenye tabia ya kunata zitabaki kwenye shanga na kuonekana kama wageni walioalikwa. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila protini. Ndiyo sababu mchanganyiko uliotumika lazima uandikwe wote kwenye taarifa, kwa viwango vyake.

Baada ya nusu saa kwenye barafu, ule uji huzungushwa kwa kasi kwenye mashine yenye baridi ya nyuzi 4 ili mabaki mazito yazame. Maji ya juu ndiyo mali. Anapima protini iliyomo, anagawa miligramu moja kwa kila tyubu, na kabla ya lolote anaweka pembeni mikrogramu 20, yaani asilimia 2, bila kuitia kingamwili. Sampuli hiyo ya pembeni ni ya lazima, na muda si mrefu tutaona inavyookoa jahazi.

Kisha anachagua kingamwili, na hapa pana mtego ambao umewakamata wengi. Kingamwili maarufu kuliko zote za p53 huitwa DO-1, na karibu kila maabara inayochunguza saratani inayo kwenye friji. Kwa kuonyesha p53 kwenye utando ni nzuri sana. Lakini sehemu ya p53 inayotambuliwa na DO-1 ni asidi amino za 20 hadi 25, na MDM2 hukaa hapohapo. Kwa hiyo p53 iliyoshikwa na MDM2 haishikiki vizuri kwa DO-1; inayonaswa ni ile iliyo peke yake. Mwanafunzi atapata p53 tele kwenye shanga na MDM2 hafifu au hakuna, na atahitimisha kwamba hazishikamani. Kumbe kingamwili yenyewe ndiyo iliyochagua zile zisizoshikamana. Dawa yake ni kutumia kingamwili inayoshika mbali na hapo, kama PAb421, ambayo hutambua mkia wa p53 karibu na asidi amino ya 371 hadi 380.

Mikrogramu mbili za kingamwili hiyo zinaingia, tyubu inazungushwa taratibu usiku kucha kwenye chumba cha baridi, asubuhi zinatiwa shanga kwa saa moja, kisha kunaanza kuosha. Kuosha ni kazi ya mikono. Shanga za agarosi huzama chini zikafanya tabaka jeupe dogo kuliko punje ya mchele, na mtu hunyonya maji ya juu kwa ncha nyembamba bila kuligusa. Akinyonya shanga kidogo kwenye tyubu moja na asinyonye kwenye nyingine, tofauti atakayoiona baadaye itakuwa ya mkono wake, si ya seli. Anaosha mara nne, na kwenye mwosho wa mwisho anahamishia shanga kwenye tyubu mpya, kwa sababu protini hunata pia kwenye plastiki. Kisha anachemsha kwa nyuzi 95 kwa dakika 5, anapitisha kwenye jeli, anahamishia kwenye utando, na kuuliza utando kwa kingamwili ya MDM2.

Tyubu tatu

Tuseme mstari wa MDM2 umetokea kwenye kilodalton 90. Amethibitisha nini? Bado hajathibitisha chochote. MDM2 inaweza kuwa imenata kwenye shanga zenyewe. Inaweza kuwa imenata kwenye kingamwili yoyote ile, bila kujali kingamwili hiyo inatambua nini. Kingamwili inaweza kuwa na hulka ya kuishika MDM2 moja kwa moja, kama zile seramu za Princeton. Kila uwezekano unahitaji tyubu yake.

Tyubu ya kwanza ndiyo iliyozoeleka. Unachukua seli zilezile, kiasi kilekile cha protini na shanga zilezile, ila badala ya PAb421 unatia kingamwili ya panya isiyotambua kitu chochote kwenye seli hizo. Iwe ya kundi lilelile, kwa maana PAb421 ni ya kundi la IgG2a, na iwe mikrogramu mbili vilevile. Watu wengi huharibu hapa kwa kutia mikrogramu moja kwenye kidhibiti na mbili kwenye jaribio, au kwa kutumia kingamwili ya sungura kudhibiti ya panya. Kidhibiti cha namna hiyo kinakuwa safi kwa sababu hakikupewa nafasi ya kuchafuka. Tyubu ya shanga peke yake, bila kingamwili yoyote, ni dhaifu zaidi, kwa sababu haigusi kabisa suala la kingamwili kunatiwa.

Lakini hata kidhibiti hicho kikifanywa kwa uangalifu wote, hakijibu swali la mwaka 1979. Kingamwili isiyotambua kitu haiwezi kukuambia kama PAb421 yenyewe inaitambua MDM2 kwa bahati mbaya. Kwa swali hilo kuna tyubu moja tu yenye uzito, nayo ni ya seli zisizo na chambo. Bahati nzuri, kwa HCT116 seli hizo zipo: mwaka 1998 kundi la Bert Vogelstein huko Baltimore lilieleza seli za HCT116 ambazo jeni ya p53 imeondolewa kwenye nakala zake zote. Unachukua seli hizo na kufanya kila kitu vilevile, kwa kingamwili ileile ya PAb421. Kama MDM2 bado inatoka, haikuja kwa kushika p53, kwa kuwa p53 haipo. Kwa maoni yangu kidhibiti hiki kina thamani kuliko vingine vyote vikiwekwa pamoja, na leo, ambapo kuondoa jeni kwenye seli kumekuwa kazi ya kawaida, ni vigumu kumsamehe mtu anayekiacha.

Nacho kina mtego wake, na mfano wetu unauonyesha wazi. Jeni ya MDM2 huwashwa na p53. Seli isiyo na p53 kwa hiyo huwa na MDM2 kidogo tangu mwanzo. Ukiona utando hauna MDM2 kwenye tyubu ya seli zisizo na p53, unaweza kushangilia bure: haikutoka kwa sababu chambo hakipo, au kwa sababu yenyewe haikuwepo ya kutoka? Hapa ndipo ile asilimia 2 iliyowekwa pembeni inapofanya kazi. Unaipitisha kwenye jeli hiyohiyo na kulinganisha. Kama MDM2 kwenye sampuli ghafi za aina zote mbili za seli inalingana, kidhibiti kimesimama. Kama hailingani, dawa ya MG132 inaweza kusaidia kuipandisha, na isipotosha, unaziingizia seli zisizo na p53 jeni ya MDM2 kutoka nje hadi viwango vikaribiane. Kidhibiti ambacho protini ya pili imepungua tangu mwanzo hakidhibiti kitu.

Tyubu ya tatu ndiyo inayonipendeza zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa kampuni ya Roche walitangaza kundi la molekuli ndogo walizoziita nutlini, ambazo hukaa kwenye mfuko wa MDM2 uleule ambao p53 huingia. Ukizipa seli zenye p53 nutlini-3 ya mikromola 10, p53 haisagwi tena, kwa hiyo inapanda. Ikipanda, inawasha jeni ya MDM2, nayo inapanda. Sampuli ghafi itaonyesha protini zote mbili zikiwa nyingi kuliko kawaida. Kwenye shanga, hata hivyo, mstari wa MDM2 unatakiwa ufifie, ingawa p53 iliyonaswa ni nyingi zaidi. Kunata ovyo hakuwezi kutoa picha kama hiyo, kwa kuwa kinachonata ovyo huongezeka kinapokuwa kingi. Lazima tu nutlini itiwe pia kwenye mchanganyiko wa kupasulia na wa kuoshea. Isipotiwa, itasombwa na maji na protini zitapata nafasi ya kurudiana kwenye tyubu.

Protini ambazo hazina dawa ya namna hiyo zina njia nyingine inayofanana: kubadilisha asidi amino moja au mbili kwenye sehemu ya kugusana. Kwa p53, mabadiliko kwenye asidi amino ya 22 na 23 huvunja mshikamano na MDM2. Mabadiliko madogo namna hiyo ni bora kuliko kukata nusu ya protini, kwa sababu protini iliyokatwa inaweza kupoteza umbo, na hapo huwezi kujua umevunja mguso au umevunja protini yenyewe.

Kuusoma utando

Utando unaposomwa, anza na tyubu ambazo hazitakiwi kuwa na kitu, kabla ya kutazama ile unayoitamani. Halafu linganisha na ile asilimia 2. Tuseme mstari wa MDM2 kwenye shanga una nguvu sawa na ule wa sampuli ghafi. Hapo takriban asilimia 2 ya MDM2 yote imetoka na p53. Si tokeo baya; p53 nyingi huenda haikunaswa, na mshikamano fulani huachia wakati wa kuosha. Lakini kama mstari kwenye shanga ni mwembamba mara kumi kuliko wa ghafi na umeonekana tu baada ya picha kuachwa ikipokea mwanga kwa muda mrefu, tunazungumzia sehemu mbili katika elfu, na kiasi hicho hata uchafu huweza kukitoa. Picha ya kidhibiti na ya jaribio lazima zitoke kwenye utando mmoja, zikipokea mwanga kwa muda mmoja. Kidhibiti kilichokatwa kutoka kwenye picha nyingine hakina kauli.

Kuna mstari mmoja wa kuogopwa. Kingamwili iliyotumika kunasa nayo huchemshwa pamoja na shanga, ikagawanyika: minyororo yake mizito husimama karibu na kilodalton 50, na mepesi karibu na 25. Sasa kumbuka p53 inasimama wapi. Ukitumia kingamwili ya panya kunasa na kingamwili nyingine ya panya kuuliza utando, ile ya kutoa mwanga itaishika pia minyororo mizito iliyobaki, na utaona donge nene mahali pa p53 katika kila tyubu, hata ya seli zisizo na p53. Mtu asiye na kidhibiti atafurahi. Mwenye kidhibiti atajua papo hapo kwamba donge lililo kwenye seli zisizo na p53 haliwezi kuwa p53. Njia rahisi ya kuepuka ni kunasa kwa kingamwili ya panya na kuuliza kwa ya sungura.

Utando huohuo unafaa pia kuulizwa kuhusu protini isiyohusika, iliyo nyingi ndani ya seli, kwa mfano tubulini. Kama tubulini nayo imo kwenye shanga za PAb421 na haimo kwenye kidhibiti, kuna tatizo la kuosha au la seli kutopasuka vizuri, na MDM2 haistahili kuaminiwa kuliko tubulini.

p53 ina tabia moja ya ziada: hushika DNA. Protini mbili zinazokaa kwenye kipande kimoja cha DNA zinaweza kutoka pamoja bila kugusana hata kidogo, zikiwa zimeunganishwa na uzi huo. Kwa protini za kiini cha seli, ni vyema tyubu moja itiwe kimeng'enya cha kukata DNA kabla ya kunasa. Mstari ukibaki, uzi haukuwa sababu.

Limebaki suala ambalo wengi hawalifikirii. Seli ikiwa hai ina vyumba, na ukiipasua umebomoa kuta zote. Protini ambazo maishani hazikutani, moja ikiwa kwenye kiini na nyingine nje, zinaweza kukutana kwa mara ya kwanza ndani ya tyubu yako. Kwa kulijaribu hili unaoteshea protini ya kwanza kwenye kisahani kimoja na ya pili kwenye kisahani kingine, unavipasua kila kimoja kivyake, kisha unachanganya na kunasa. Hapa protini hazijawahi kuwa kwenye seli moja. Kama zinatoka pamoja kwa wingi uleule kama zilipokuwa kwenye seli moja, basi mshikamano uliouona huenda ulizaliwa kwenye barafu. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote kipya, linachukua muda uleule, na bado ni adimu kuliona kwenye taarifa.

Kinachobaki nje

Hata tyubu zote zikikaa sawa, njia hii husema kwamba p53 na MDM2 zimo kwenye kundi moja la protini ndani ya seli. Haisemi kwamba zinagusana. Ingewezekana protini ya tatu iwe katikati, ikishika huku na kule, na utando ungeonyesha mistari ileile. Kwa mguso wenyewe inabidi kuzitengeneza protini mbili zikiwa safi na kuzichanganya, au kupiga picha ya umbo lake. Kwa jozi hii picha hiyo ilipatikana mwaka 1996, maabara ya Nikola Pavletich mjini New York ilipochapisha fuwele ya MDM2 ikiwa imebeba kipande cha p53, na asidi amino tatu za p53, ya 19, ya 23 na ya 26, zikiwa zimezama kwenye mfuko wa MDM2. Mfuko huo ndio ambao nutlini ilikuja kuujaza miaka minane baadaye.

Kwa hiyo msomaji, na hasa wewe mwanafunzi unayeandika tasnifu, ukikuta taarifa inayosema protini fulani mbili hushirikiana ndani ya seli, usianze kwa kutazama mstari mweusi unaoonyeshwa kwa mshale. Tafuta njia ya seli zisizo na chambo, iliyonaswa kwa kingamwili ileile, na chini yake tafuta sampuli ghafi inayoonyesha kwamba protini ya pili ilikuwepo kwa wingi unaolingana. Isipokuwepo, mwandikie mwandishi umwombe akuonyeshe utando mzima.